Ukichelewa kikao cha harusi

"Nikichelewa kikao cha harusi, niwasalimie wazee wote au nikae kimya? Naogopa kumkatiza msemaji."

Ndugu, usizunguke kupeana mikono. Zima mlio wa simu ukiwa nje. Wakiwa kwenye sala, baki hukohuko hadi waitikie amina. Mweka hazina akisoma ahadi, subiri mlangoni amalize jina na kiasi chake. Akikatizwa hapo, hesabu huvurugika na watu huanza kubishana. Kisha weka mkono kifuani, inama kidogo, sema kwa sauti ya chini, "Samahani mwenyekiti, habari za jioni," ukae kiti cha karibu na mlango hata kama ndugu zako wako mbele. Shikamoo za wazee zitoe kikao kikifungwa, mmoja mmoja, ukianza na wakwe. Sababu ya kuchelewa mweleze katibu pembeni.