Chuma kilichokunjwa na kushikwa ukutani: momenti tatu ndizo zinazosumbua

"Wakuu, naomba msaada. Chuma kimefungwa kabisa ukutani kwenye A. Kinatoka nje ya ukuta mita 0.6 hadi B, kinakata kulia sambamba na ukuta mita 0.8 hadi C, kisha kinashuka wima mita 0.3 hadi D. Kwenye D kuna mzigo wa 400 N. Kwenye C kuna kamba yenye mvuto wa 350 N, imefungwa kwenye nguzo ambayo kutoka C iko mita 2 kushoto, mita 3 chini na mita 6 mbele, yaani mbali na ukuta. Nguvu tatu za ukuta nimezipata, ila momenti kila nikirudia zinatoka tofauti. Na ile 0.3 niitumie wapi?"

Mkuu, kwanza nikuhadithie kwa nini swali lako limenishika. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea jamaa mmoja wa Sinza mkono wa bango la duka. Bomba lilitoka ukutani, likakata kushoto kama senti 70, na mwishoni likaning'iniza bango la kilo 12. Nilipiga hesabu ya kuinama tu: uzito mara umbali wa kutoka ukutani. Bomba lilitosha, bolti za ukutani zilitosha. Bomba lenyewe tulilifunga kwa nyuzi kwenye frenji, bila kulichomelea. Baada ya wiki chache nikapigiwa simu kwamba bango limelala. Nilipofika, bolti zote nne zilikuwa zimekaza vilevile na bomba halijapinda hata kidogo. Lakini kwenye mdomo wa frenji niliona nyuzi mbili zinang'aa, hazina rangi, maana tulipopaka rangi zilikuwa bado ndani. Bomba lilikuwa linajifungua. Kilo 12 ni kama 118 N, na kwenye umbali wa 0.7 zinasokota bomba kwa takriban 82 N·m. Msokoto huo sikuuandika popote. Kwenye swali lako ndio unaoitwa Mz.

Sasa tuingie kazini. Futa ukuta kwenye mchoro, chora chuma peke yake, na pale A weka kila kitu ambacho ukuta ulikuwa unakizuia. Ulizuia chuma kisisogee kwa njia tatu, na kisizunguke kwa njia tatu. Hizo ndizo sita zako: Ax, Ay, Az, na momenti MAx, MAy, MAz. Kwenye nafasi ya pande tatu una milinganyo sita ya usawa, kwa hiyo kila moja inapatikana bila kubahatisha.

Mihimili ichague kabla ya kuandika namba yoyote, na usiibadilishe katikati. Nahisi hapo ndipo momenti zako zinapobadilikia. Simama ukiutazama ukuta kama ubao wa darasani: x kulia kwako, y juu, z inatoka ukutani kuja kwako. Kwa mpangilio huo A ni (0, 0, 0), B ni (0, 0, 0.6), C ni (0.8, 0, 0.6) na D ni (0.8, −0.3, 0.6).

Kamba igeuze kuwa vekta. Kutoka C kwenda kwenye nguzo ni (−2, −3, 6), na urefu wake ni kipeuo cha 4 + 9 + 36, yaani mita 7 kamili. Mvuto wa 350 ukiugawa kwa 7 unapata 50, kwa hiyo nguvu ya kamba ni (−100, −150, 300). Kamba huvuta, haisukumi, kwa hiyo mshale unatoka kwenye chuma kwenda nguzoni. Ukigeuza kinyume, kila kitu kitakachofuata kitakuwa na alama mbaya na hutaona dalili yoyote.

Nguvu umesema umezipata, basi linganisha tu: mizigo jumla yake ni (−100, −550, 300), kwa hiyo Ax = 100, Ay = 550 na Az = −300, zote kwa N. Hiyo hasi ya Az maana yake ukuta unakishikilia chuma kwa ndani kisichomoke, kwa kuwa kamba inakivuta nje.

Momenti sasa. Umbali wote unapimwa kutoka A, na kanuni ni hii:

```
Mx = y*Fz - z*Fy
My = z*Fx - x*Fz
Mz = x*Fy - y*Fx
```

Mstari wa kati ndio unaoangusha wengi. Mkono unataka kuandika x kwanza, alama inageuka, na MAy inatoka na ukubwa sahihi lakini upande usio wake.

Anza na uzito pale D, (0, −400, 0). Mx yake ni 0 − 0.6 × (−400) = 240. My ni sifuri, kwa sababu nguvu iliyo sambamba na mhimili haiwezi kukizungusha kitu kuuzunguka mhimili huo. Mz ni 0.8 × (−400) = −320. Usiamini alama kwa sababu tu kanuni imeitoa. Jiweke mahali ambapo mshale wa mhimili unakuelekea usoni, ndipo uangalie. Kwa Mx simama upande wa kulia wa chuma ukitazama kushoto: ukuta uko mkono wako wa kulia, mzigo unaning'inia kushoto kwako na kushuka, unakizungusha chuma kinyume cha saa, basi ni chanya. Kwa Mz rudi mbele ya ukuta: mzigo uko kulia na unashuka, unazungusha kama mshale wa saa, basi ni hasi. Vyote vimekubali.

Kamba pale C, kwenye (0.8, 0, 0.6): Mx ni 0 − 0.6 × (−150) = 90. My ni 0.6 × (−100) − 0.8 × 300, yaani −60 na −240, jumla −300. Mz ni 0.8 × (−150) = −120.

Ukijumlisha, mizigo inaleta (330, −300, −440) kuzunguka A. Ukuta unajibu kinyume chake: MAx = −330, MAy = 300, MAz = 440, zote kwa N·m.

Kabla ya kukabidhi, hakiki. Usirudie hesabu ileile kuzunguka A, maana kosa lako utalirudia nalo. Hamia C. Kamba inapita C, haina momenti hapo. Uzito nao mstari wake ni wima kupitia D, na C iko juu ya D moja kwa moja, kwa hiyo nao hauna. Inabaki ukuta peke yake, na lazima ujisawazishe wenyewe. Kutoka C kwenda A ni (−0.8, 0, −0.6), na nguvu za ukuta ni (100, 550, −300). Weka kwenye kanuni ileile: Mx ni 0.6 × 550 = 330, My ni −60 − 240 = −300, Mz ni −0.8 × 550 = −440. Jumlisha na MAx, MAy na MAz: sifuri, sifuri, sifuri.

Hakiki hii ina mpaka wake. Kama kamba uliigawanya vibaya toka mwanzo, pale C bado utapata sifuri, kwa sababu kamba haionekani kabisa kutoka hapo. Kwa kamba fanya jaribio lake: 100, 150 na 300, kila moja mara yenyewe, jumla 122,500, ambayo ni 350 mara 350. Jaribio hilo linalinda ukubwa tu. Alama zitazame kwenye mchoro.

Angalia pia hiyo 440. Kipande AB kinalala kwenye z, kwa hiyo MAz ndiyo inayolisokota bomba lenyewe, wakati MAx na MAy zinalipinda. Kwako mkono uko kulia, na mizigo inasokota kama mshale wa saa ukiutazama ukuta. Kama bomba lingekuwa la nyuzi za kawaida, lingezidi kujikaza. La Sinza lilikata kushoto, likasokotwa kinyume cha saa, na ndiyo maana lilijifungua. Tulilirudisha mahali pake kwa spana ya bomba, fundi akalichomelea kwenye frenji kuzunguka mdomo mzima, na halijalala tena.

Uzito wa chuma chenyewe swali lako limeupuuza, na wewe upuuze. Kwenye kazi halisi usiupuuze: bomba la inchi moja na nusu lina kilo kama tatu na nusu hadi nne kwa mita, na lako lina mita 1.7. Na siku ukikutana na swali ambalo mvuto wa kamba haujulikani, hesabu visivyojulikana kwanza. Vitakuwa saba, milinganyo bado sita, na itabidi ujue chuma na kamba vinanyumbuka kiasi gani.

Imebaki 0.3 yako. Kwa mizigo uliyonayo haitumiki, na hujakosea. Uzito unaweza kuusogeza juu au chini kwenye mstari wake wa wima bila momenti kubadilika. Mzigo ungefungwa C badala ya D, ukuta usingejua tofauti. Ila ongeza upepo wa 150 N unaosukuma D kuelekea ukutani, (0, 0, −150). Mx yake ni (−0.3) × (−150) = 45, na hapo ndipo 0.3 inaingia. My ni −0.8 × (−150) = 120, Mz sifuri. Kwa hiyo Az inabaki −150, MAx inakuwa −375, MAy inashuka hadi 180, na msokoto wa 440 haujaguswa kwa sababu upepo unakwenda sambamba na bomba AB. Rudia hakiki ya pale C ukiwa na upepo huo. Safari hii ukuta peke yake hautatoa sifuri: utabakiwa na −45 kwenye x, na 45 ya upepo ndiyo itakayoifuta.