Mawingu mawili kwa ushirika mdogo? Anza na njia ya kutokea

Nahudumia mfumo wa mapokezi ya asali wa ushirika mmoja wa wafuga nyuki hapa Tabora. Mweka hazina wao, mama mmoja makini kwelikweli, aliniuliza: "Mwanangu, hawa wenye seva wakipandisha bei tutakimbilia wapi? Kwa nini tusikae kwa watoa huduma wawili?"

Hofu yake ina msingi, ila dawa yake sikuikubali.

Watu wengi hudhani kinachokufunga ni gharama ya kuhamisha data. Tuipige hesabu. Kwa seva za AWS zilizoko Marekani au Ulaya, GB 100 za kwanza zinazotoka kila mwezi ni bure, kisha ni kama dola 0.09 kwa GB. Ukiwa na GB 200 za picha za stakabadhi, utalipa kama dola 9. Kifungo chenyewe kimo kwenye programu. Ukiandika mfumo juu ya DynamoDB, kanzidata ya AWS pekee, hutaikuta kwa mtoa huduma mwingine, na kuhama kutakulazimu kuandika upya kila sehemu inayosoma au kuhifadhi data. PostgreSQL ipo karibu kila mahali, na ndiyo niliyowawekea.

Kuendesha mawingu mawili kwa pamoja ni habari nyingine. Mawasiliano kati yake yakikatika huku pande zote mbili zinapokea data mpya, mfugaji anaweza kulipwa kilo zilezile mara mbili, na hakuna kompyuta itakayokuamulia salio lipi ni sahihi. Ongeza mifumo miwili ya ruhusa, ankara mbili na tahadhari za usiku za aina mbili. Benki yenye kikosi cha mafundi italimudu hilo. Ushirika wenye fundi mmoja (tena wa kuitwa kwa simu!) hauliwezi.

Kwa hiyo tunaendesha kwa mmoja, na kila usiku bakapu inakwenda kwa mwingine:

```
pg_dump -Fc -d ushirika -f ushirika.dump
rclone copy ushirika.dump pili:bakapu
```

Bakapu isiyowahi kurejeshwa siihesabu. Kila mwezi nawasha seva ndogo upande wa pili, natengeneza kanzidata tupu, kisha:

```
pg_restore --no-owner --no-acl -d jaribio ushirika.dump
```

Bila vile vibendera viwili utaona malalamiko ya `role does not exist`, kwa sababu majina ya watumiaji wa kule hayapo huku. Ukiona `extension "aws_s3" is not available`, hapo umekamata kifungo chenyewe: kuna mtu ametumia kiongezo cha AWS pekee, na ni nafuu kukiondoa sasa kuliko siku ya kuhama. Baada ya hapo najumlisha kilo za mwezi uliopita pande zote mbili. Zisipolingana, siondoki mezani.

Jina la tovuti yao limesajiliwa kwa kampuni ya tatu, na TTL ya DNS, yaani muda ambao anwani ya seva hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, nimeiweka sekunde 300. Tukihama, wateja wengi wataelekezwa seva mpya ndani ya dakika chache, bila kumwomba ruhusa yule tunayemkimbia.