Kamba na ngazi ukiwa na chumba kimoja

"Nakaa chumba kimoja Langoni, Lamu, ghorofa ya pili. Nimeruka kamba siku tatu mfululizo miundi ikauma. Nifanyeje?"

Pole dadangu. Sakafu ya saruji ni ngumu na pengine unaruka juu sana, pumzika kamba mpaka utembee bila maumivu, na kama panauma sehemu moja tu ukibonyeza kwa kidole nenda hospitali kwanza, usiruke.

Kwa sasa tumia ngazi. Panda mwendo wa haraka kiasi cha kuongea maneno machache tu kisha ukate pumzi, halafu shuka polepole umeshika ukuta, maana ngazi zetu za nyumba za mawe ni wima na vidato havilingani, na kushuka ndiko watu huteleza na ndiko magoti huchoka. Mizunguko 8 yatosha, ukishafika chini pumzika mpaka pumzi itulie.

Ukirudi kwa kamba, ikanyage katikati, vishikio vifike kwapani, ikizidi ifupishe. Vaa raba, tandika mkeka mzito, ruka sentimita 2 au 3 tu, tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, zungusha vifundo vya mikono sio mabega. Kishindo kikisikika chini basi unatua vibaya.

Anza hivi: sekunde 20 kuruka, 40 kupumzika, mara 10, siku moja kamba, kesho yake ngazi au pumziko. Wiki ya pili ikiwa miundi kimya fanya 30 kwa 30. Dari ikiwa chini ruka bila kamba, zungusha mikono tu, moyo utaenda mbio vilevile.