Integrali ya 1/(x⁴+1): pa kuanzia

"Wakuu, x⁴+1 haina mzizi halisi. Sasa nitaigawanyaje ili niintegreti 1/(x⁴+1)?"

Ndugu, kukosa mzizi halisi hakuzuii vigawo vya kipeo cha pili. Ongeza 2x², kisha uitoe:

x⁴+1 = (x²+1)² − 2x² = (x²+√2x+1)(x²−√2x+1)

Sasa andika (Ax+B) juu ya kigawo cha kwanza na (Cx+D) juu ya cha pili. Usikimbilie milinganyo minne: ukiweka −x badala ya x, sehemu yetu haibadiliki, kwa hiyo C = −A na D = B. Weka x = 0, upate B = 1/2. Namba zinazozidisha x² lazima zijumlike kuwa sifuri: 2B − 2√2A = 0, hivyo A = 1/(2√2). Ukikamilisha miraba, jibu ni:

(1/(4√2)) ln[(x²+√2x+1)/(x²−√2x+1)] + (1/(2√2))[arctan(√2x+1) + arctan(√2x−1)] + K

Wengi huunganisha arctan hizo mbili kuwa arctan(√2x/(1−x²)). Usifanye hivyo, maana inaruka ghafla kwenye x = 1. Jaribu kutoka 0 hadi ∞: iliyounganishwa inakupa 0, ilhali jibu sahihi ni π/(2√2).