Mshumaa mwembamba, stopu upande wa pili

"Mshumaa wa jana EUR/USD ni mdogo sana, niingie wapi na stopu niweke wapi? Niko Kampala, akaunti dola 200."

Ndugu, kwanza angalia jana yote imekaa ndani ya juzi, yani juu haijavuka juu ya juzi na chini haijavuka chini yake, halafu pima juu mpaka chini, iwe fupi kuliko kila siku kati ya sita zilizotangulia. Hapo ndo soko limebana. Kama London au New York walikuwa na sikukuu achana nayo, udogo ule ni watu kutokuwepo tu.

Tuseme juu ni 1.0860, chini 1.0815. Weka Buy Stop 1.0862 na Sell Stop 1.0813, moja ikishika futa nyingine, na stopu yako ikae bei ya ile uliyofuta. Ni pipsi 49, kwa loti 0.01 ikikugonga dola 4.90 zimeenda, karibu asilimia 2.5 ya akaunti, mi sivuki 1. Sasa usije ukasogeza stopu katikati ili iwe nafuu, mi nilifanya hivo, bei ikarudi ndani ikanitoa alafu ikapaa bila mimi. Kwa dola 200 bora demo kwanza.