Kipimo cha kitunguu kwenye uyoga wa porini: alichotufundisha bibi

"Wakuu, naambiwa ukichemsha uyoga wa porini na kitunguu, kitunguu kisipobadilika rangi basi ni salama kula. Kuna ukweli hapo? Na ile ya sarafu je?"

Mkuu, usile uyoga kwa sababu ya kitunguu. Hiki kipimo nimekiona kikipitisha uyoga wenye sumu mbele ya macho yangu, kwa bibi yetu, wilaya ya Mufindi.

Ilikuwa mvua za Desemba. Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tulitoka alfajiri na kapu tukaingia kwenye miombo. Tulipata wisogolo, ule wa rangi ya chungwa unaouzwa barabarani kwa vikopo, tukapata na uyoga wa kichuguu. Wakati wa kurudi tulipita penye zizi la zamani la jirani, na pale kwenye nyasi palikuwa na uyoga mweupe mkubwa, kofia pana kuliko sahani ya chai, yenye magamba ya kahawia katikati. Binamu akachuma mingi. Mwonekano wake ulivutia kweli, na kwa harufu usingeutilia shaka.

Tulipofika nyumbani bibi alikuwa bado shambani. Binamu akakata vipande vya ule mweupe, akavitia kwenye sufuria na nusu kitunguu maji na sarafu ya shilingi mia. Maji yakachemka vizuri tu. Kitunguu kikabaki cheupe, sarafu ikatoka inang'aa. Akasema, "Kaka, huu ni mboga." Tulikuwa tunatafuta karanga za kuungia bibi alipoingia.

Hakupiga kelele. Alichukua mmoja ambao haujakatwa, akaugeuza, akatuonesha shina: pete nene ambayo unaweza kuisogeza juu na chini kwa vidole, na kitako kilichovimba. Akatuuliza umeota wapi. Tulipomwambia zizini, akauliza kama tulichimba mzizi. Hakukuwa na mzizi. Hapo akakata shina, akaweka ile kofia kifudifudi juu ya karatasi nyeupe ya daftari, akaifunika na bakuli, akasema tutaongea kesho. Sufuria aliimwaga mbali, kuku wasifike.

Asubuhi alipofunua bakuli, kwenye karatasi palikuwa na alama ya duara yenye mistari, rangi ya kijani kilichofifia. Ni vumbi la mbegu zake. Wa kichuguu tuliouweka pembeni ulikuwa umeacha vumbi la waridi. Ule wa zizini kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites, ukiandika hivyo kwenye simu utauona. Ukiwa mchanga, chini ya kofia ni mweupe kabisa, ukijani unakuja baadaye, ndiyo maana unadanganya wengi. Saa moja hadi tatu baada ya kuula mtu anaanza kutapika na kuharisha vibaya, na kwa mtoto mdogo upungufu huo wa maji unaweza kuwa hatari kubwa. Na kitunguu kilikuwa hakijasema neno.

Binamu akauliza, sasa kwa nini watu wote wanakiamini? Jibu la bibi ndilo lililobaki kichwani mwangu: "Sumu za uyoga ni nyingi, kila moja ina tabia yake. Kitunguu kinajua nini?" Halafu akatuchambulia vipimo vyenyewe. Alisema vingi ni kweli ya uyoga wa aina moja ambayo watu wameibeba wakaipeleka kwa aina zote. Yeye mwenyewe ana uyoga unaotoa maziwa ukiukata, mchungu mno, ambao lazima auchemshe na kumwaga maji ya kwanza. Kwa huo, kuchemsha kunasaidia. Mtu akiona hivyo anatoka kutangaza kwamba kuchemsha kunaondoa sumu.

Baadaye nilisoma sana habari hizi, na kila nilichosoma kilikubaliana naye. Fedha halisi huwa nyeusi ikikutana na salfa, ndiyo maana hata yai huchafua kijiko cha fedha. Sumu za uyoga zinazoua hazifanyi hivyo, na sarafu zetu za leo si za fedha hata kidogo. Kitunguu saumu nacho kinaweza kugeuka kijani au buluu kikiwekwa kwenye asidi kama limao, hata kama hakuna uyoga jikoni. Kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kukufanya umwage uyoga mzuri leo, na kesho kikuruhusu ule mbaya.

Ule mbaya kuliko wote uko kwenye kundi la Amanita. Baadhi yao wana amatoksini, sumu isiyoharibiwa kwa kuchemsha, kukaanga wala kuanika. Funza na konokono wanaula bila shida, kwa hiyo "umeliwa na wadudu, ni salama" haina maana. Kumpa kuku au mbwa kwanza nako kunafeli kwa sababu ya muda. Aliyekula hukaa kwa kawaida saa 6 mpaka 24 bila kusikia chochote, halafu anatapika na kuharisha, halafu anapata nafuu ya siku moja hivi. Katika nafuu hiyo ndipo ini linaendelea kuharibika. Unayemtazama mbwa wako kwa saa mbili kisha ukapakua hujapima kitu. Na walionusurika husema ulikuwa mtamu.

Sasa utauliza kama kile kifuko kama kikombe, ambacho Amanita wengi wanacho kwenye kitako cha shina, ndiyo alama ya kukimbia. Kwa mgeni, ndiyo, kimbia. Lakini kwenye miombo kuna Amanita wenye kikombe wanaoliwa na kuuzwa tangu zamani, na wanaoujua wanaujua kwa kufundishwa na mama zao, uyoga huo mmoja, chini ya miti ile ile. Bibi hana kanuni ya "uyoga salama". Ana aina chache anazozitaja kwa majina, kila moja anajua inaota wapi, mwezi gani, shina lake, harufu yake, inavyobadilika ikizeeka. Nyingine zote haziguswi, hata ziwe nzuri namna gani.

Kwa wa kichuguu anachimba. Mchwa hulima ukungu ndani ya kichuguu na uyoga huu unatoka kwenye shamba lao, kwa hiyo shina linaendelea chini kama mzizi mrefu, na juu ya kofia kuna ncha ngumu katikati. Ukiung'oa juu juu umeacha ushahidi ardhini, na juu ya kichuguu kikuukuu huota na uyoga mwingine usiohusiana na mchwa. Chimba na kisu mpaka uone mzizi umeshuka.

Na hakanyagi mashamba ya paini kuchuma. Miti ile ni ya kuletwa, na uyoga wa ugenini umekuja nayo, kama ule mwekundu wenye madoa meupe. Anasema ujuzi wake unaishia pale miombo inapoishia. Mkuu, kama umehamia mkoa mwingine, hili likuhusu: ulichofundishwa kwenu huenda kina pacha wake huko, na pacha huyo humjui.

Karatasi na bakuli navyo visikudanganye. Rangi ya vumbi inakusaidia kutambua aina, haipimi sumu. Amanita wa kuua na wa kuliwa wote wanaacha vumbi jeupe.

Kama kuna mtu kwako ameshakula na ana wasiwasi, nendeni hospitali sasa hivi, msisubiri tumbo liume, na bebeni mabaki ya uyoga, mbichi au uliopikwa. Mwambieni daktari saa alipokula na saa alipoanza kutapika. Kutapika kukichelewa kupita saa 6 ndiyo dalili mbaya zaidi, na akipata nafuu kesho yake msikubali kumrudisha nyumbani kabla ini halijapimwa.