Muhtasari wa mjadala wa laptopu: MacBook Air M1, mpya ya dukani au ThinkPad T480

"Wakuu, ushauri umekuwa mwingi hadi nimechanganyikiwa. Naomba mmoja wenu anifupishie: zimetajwa laptopu zipi, na kila moja kwa sababu gani?"

Ndugu, nimeurudia mjadala tangu mwanzo, na kilichokuchanganya nadhani nimekiona. Ulianza kwa kusema unataka laptopu ya kuandikia ripoti na kuchorea ramani kwa QGIS, bajeti yako ikiwa laki nane. Siku ya tatu ndipo ulipoongeza kwamba chuoni mnafundishwa ArcGIS Pro, programu ambayo ni ya Windows peke yake. Kwa hiyo ushauri uliotangulia siku hiyo sharti upimwe upya, hata ule ulioungwa mkono na wengi.

MacBook Air M1 ya 2020 ndiyo iliyopata watetezi wengi, kwa sababu inakaa na chaji muda mrefu, ni nyepesi, na QGIS inafanya kazi humo. Hayo ni kweli, lakini yalisemwa kabla ArcGIS Pro haijatajwa, na MacBook hiyo haitumii Windows. Isitoshe, RAM yake haiongezeki baada ya kununua, na bei uliyotajiwa inavuka bajeti.

Laptopu mpya ya dukani, yenye prosesa ya Celeron, ilitetewa kwa waranti na betri mpya. Ina RAM ya GB 4, ilhali ArcGIS Pro inataka angalau GB 8. Hapo hoja inaishia.

ThinkPad T480 iliyotumika ndiyo ninayoiunga mkono. Aliyependekeza T470 kwa unafuu wa bei alijibiwa vizuri: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia prosesa za kizazi cha nane, ambazo T480 nyingi zinazo na T470 haina. Pia ina nafasi mbili za RAM, hivyo unaweza kununua ya GB 8 sasa ukaongeza baadaye, na ina betri mbili, ya ndani na ya nje, hata ukaweza kubadilisha ya nje bila kuizima.

Waliotahadharisha kuhusu betri chakavu walikuwa na haki. Yangu niliuziwa kwa maneno kwamba betri ni nzima. Nilipofika nyumbani niliandika amri hii kwenye Command Prompt:

```
powercfg /batteryreport
```

Katika ripoti, `DESIGN CAPACITY` ya betri ya ndani ilikuwa takriban mWh 24,000, na `FULL CHARGE CAPACITY` takriban 11,000. Yaani ilikuwa imebakiza chini ya nusu ya uwezo wake. Fanya kipimo hicho ukiwa bado dukani, na usome betri zote mbili, kwa maana ya nje ikiwa mpya huficha ubovu wa ya ndani. Kisha iwashe upya ukibonyeza F1 ili uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji halijui, usilipe.